Simu iliyo kimya si simu nzima: safari ya ripoti ya gemu kutoka Delta ya Rufiji

Tuseme umetengeneza gemu ya simu. Mchezaji anapiga kasia kati ya mikoko, anakwepa viboko, anaokota sarafu. Umeijaribu kwenye kompyuta yako na kwenye simu yako yenye RAM ya gigabaiti 8, wiki nzima, na haijakwama hata mara moja. Unaiachia watu waipakue. Baada ya mwezi unasikia kwamba ndugu zako walioko Wilaya ya Kibiti wameshaifuta. "Inajifunga yenyewe," wanasema. Ukiuliza inajifunga wakati gani, jibu ni lile lile: "Inajifunga tu." Unaijaribu tena. Kwako inaenda kama maji.

Hapo ndipo lilipo swali letu la leo: utajuaje kilichotokea ndani ya simu usiyoweza kuishika? Jibu fupi ni kwamba gemu yenyewe iandike ripoti pale inapoanguka, kisha ikutumie. Lakini ripoti nayo ina safari yake, na si kila ripoti hufika. Tufuate ripoti moja tangu inapozaliwa hadi inapokufikia mezani. Gemu yetu ni ya mfano, na namba nitakazotumia kwenye hesabu ni za mfano pia. Kasoro yenyewe si ya kubuni: inawapata watengenezaji wengi wa programu za Android.

Sekunde ya mwisho ya programu

Programu inapokutana na jambo isilojua kulishughulikia, kwa mfano kusoma kitu ambacho hakipo, Android huisimamisha papo hapo. Mchezaji anaona skrini ya mwanzo ya simu imerudi, basi. Lakini kabla ya kuisimamisha, mfumo unaipa programu nafasi ndogo ya kusema neno la mwisho. Kwenye lugha ya Java nafasi hiyo unaidaka hivi:

```java
Thread.UncaughtExceptionHandler waAwali =
    Thread.getDefaultUncaughtExceptionHandler();
Thread.setDefaultUncaughtExceptionHandler((uzi, kosa) -> {
    Ripoti.andikaFaili(kosa);
    waAwali.uncaughtException(uzi, kosa);
});
```

Angalia mstari wa `andikaFaili`. Hatujaribu kutuma chochote kwenye seva wakati huo. Programu inakufa, na kutuma kitu kwenye mtandao kunahitaji muda ambao haipo nao. Kwa hiyo inaandika faili dogo kwenye hifadhi ya simu, kisha inamkabidhi msimamizi wa awali amalize kazi yake. Faili litatumwa baadaye, gemu itakapofunguliwa tena na mtandao ukiwepo.

Huduma zilizo tayari, kama Crashlytics au maktaba huria ya ACRA, zinafanya kazi kwa msingi huu huu. Ukiujua, utaelewa pia zinakwama wapi.

Ripoti inasema nini

Sasa tuseme ripoti moja imekufikia. Sehemu yake muhimu ni hii:

```
java.lang.RuntimeException: Unable to start activity ...
Caused by: java.lang.NullPointerException:
  Attempt to read from field
  'int com.mfano.mtumbwi.Mchezaji.sarafu'
  on a null object reference
    at com.mfano.mtumbwi.MtoActivity.onCreate(MtoActivity.java:41)
```

Hizi ni nyayo za programu: zinaonyesha ilikuwa inatekeleza mstari gani ilipoanguka. Hapa ilikuwa inafungua skrini ya mto, ikataka kusoma idadi ya sarafu za mchezaji, na huyo mchezaji hakuwepo kwenye kumbukumbu. Unafungua mstari wa 41 na kukuta hivi:

```java
int sarafu = Mchezaji.wasasa.sarafu;
```

Unabaki unakuna kichwa. Kwenye gemu yako mtu hawezi kufika mtoni bila kupita kwenye menyu, na menyu ndiyo inayosoma taarifa za mchezaji na kuziweka kwenye `Mchezaji.wasasa`. Kwa maana hiyo, ukifika mstari wa 41 mchezaji lazima awepo. Ukiujaribu mara mia kwenye simu yako, yupo mara mia.

Ndiyo maana nyayo peke yake hazitoshi. Ripoti nzuri hubeba pia maelezo machache ya hali ya simu na orodha fupi ya matukio yaliyotangulia. Ya kwetu ina haya:

```
RAM ya simu: 960 MB
10:02:11  MenyuActivity imefunguka
10:02:20  MtoActivity imefunguka
10:04:37  gemu imewekwa nyuma
10:19:05  programu imeanza upya
10:19:05  MtoActivity.onCreate
```

Soma mistari miwili ya mwisho polepole. Programu imeanza upya, na kitu cha kwanza kilichofunguka ni mto. Menyu haikuonekana kabisa. Mlango uliodhani ni mmoja kumbe ni miwili.

Mlango wa pili

RAM ya simu ni kama meza ya kazi, na hifadhi ni kama kabati. Kila programu iliyo wazi inakalia sehemu ya meza. Kwenye simu ya gigabaiti 8 meza ni pana: unaweza kuiacha gemu, ukasoma meseji, ukapiga picha, ukarudi na kuikuta palepale. Kwenye simu ya gigabaiti 1 meza ni ndogo, na nyingi ya nafasi hiyo imeshachukuliwa na Android yenyewe. Ukitoka kwenye gemu na kufungua WhatsApp, mfumo unahitaji nafasi, kwa hiyo unaiondoa programu ambayo huitumii kwa wakati huo. Gemu yako inauawa kimyakimya ikiwa nyuma. Haianguki: inaondolewa tu, na haipewi nafasi ya kusema neno la mwisho.

Kisha mchezaji anarudi. Android, kwa nia njema, inataka aone pale pale alipoishia. Inakumbuka kwamba skrini ya mwisho ilikuwa mto, kwa hiyo inaanzisha programu upya na kufungua mto moja kwa moja. Lakini kila kilichokuwa mezani kimefutwa, na `Mchezaji.wasasa` ni tupu. Mstari wa 41 unasoma sarafu za mtu asiyekuwepo, na gemu inajifunga.

Sasa ile "inajifunga tu" inaeleweka. Kwa mchezaji, kosa linatokea pale anaporudi kwenye gemu baada ya kusoma meseji ya M-Pesa au kupokea simu, na si kila mara, bali pale tu simu ilipoishiwa nafasi. Yeye haoni uhusiano wowote kati ya meseji na gemu. Atasema simu yake mbovu, pengine aipeleke kwa fundi aifute na kuisafisha, wakati simu haina tatizo lolote.

Uzuri ni kwamba, ukishalijua kosa, unaweza kuliita lije hadi kwenye simu yako yenye gigabaiti 8. Fungua gemu hadi mtoni, bonyeza kitufe cha kurudi skrini ya mwanzo, kisha kwenye kompyuta andika:

```
adb shell am kill com.mfano.mtumbwi
```

Amri hiyo inaiua programu iliyo nyuma, kama ambavyo mfumo ungeiua ukikosa nafasi. Rudi kwenye gemu kupitia orodha ya programu za karibuni. Ikijifunga na kuonyesha nyayo zile zile, umelikamata. Usiitelezeshe gemu nje ya orodha ile, kwa sababu ukifanya hivyo Android inasahau skrini ya mwisho na kuanza na menyu, na kosa halitaonekana.

Tiba ni kutomtegemea aliyekutangulia. Kila skrini ihakikishe yenyewe kwamba ina inachohitaji:

```java
if (Mchezaji.wasasa == null) {
    Mchezaji.wasasa = Hifadhi.soma(this);
}
int sarafu = Mchezaji.wasasa.sarafu;
```

Na ili `Hifadhi.soma` iwe na cha kusoma, taarifa za mchezaji ziandikwe kwenye hifadhi pale gemu inapowekwa nyuma. Ukisubiri hadi mchezaji afunge gemu mwenyewe umechelewa, kwa sababu programu iliyo nyuma inaweza kuuawa dakika yoyote.

Ripoti inapokaa njiani

Mpaka hapa tumesema "ripoti imekufikia" kana kwamba ni jambo rahisi. Tuangalie mahali inakotoka.

Kibiti mjini iko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Lakini wilaya hiyo, iliyomegwa kutoka Rufiji, inashika pia eneo kubwa la delta. Ukiacha barabara kuu unaelekea Nyamisati, kwenye gati la boti za Mafia, na kutoka hapo safari ya kwenda vijiji vya ndani, kama vile vya upande wa Salale au Mbwera, ni ya majini, kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Ukiwa kwenye vijito katikati ya mikoko, simu inaweza kukaa saa nyingi bila mtandao. Gemu isiyohitaji intaneti inachezeka vizuri tu. Ripoti ndiyo isiyoweza kutoka.

Hilo linaleta mambo matatu ambayo ukikaa na seva yako mjini utayasoma vibaya.

La kwanza ni saa. Gemu ikianguka Jumanne kijijini, na mwenye simu akafika penye mtandao Ijumaa, seva itaandika Ijumaa. Ripoti za watu waliosafiri pamoja zitaingia kwa mkupuo, na wewe utadhani kuna kitu kimeharibika Ijumaa hiyo. Kwa hiyo hifadhi nyakati mbili: wakati kosa lilipotokea na wakati ripoti ilipopokelewa. Wala usiiamini sana saa ya simu, kwa sababu betri ikiisha kabisa na simu ikawaka bila mtandao, baadhi ya simu hurudi kwenye tarehe ya zamani.

La pili ni toleo. Umetibu kosa na kutoa toleo la 12. Wiki mbili baadaye ripoti za kosa lile lile bado zinaingia. Kabla hujafungua msimbo tena, angalia namba ya toleo iliyo ndani ya ripoti. Kama zote zinasema 11, dawa inaweza kuwa imefanya kazi, na hizi ni barua zilizochelewa, au zinatoka kwa watu ambao hawajapata bando la kupakua toleo jipya.

La tatu ni kurudiwa. Simu inatuma ripoti, seva inaipokea, kisha mtandao unakatika kabla ya jibu la "nimepata" kurudi. Simu, kwa haki kabisa, inatuma tena. Kosa moja linahesabiwa mawili, na walio kwenye mtandao dhaifu ndio wanaorudiwa zaidi. Ipe kila ripoti namba yake ya pekee pale inapoandikwa, ili seva ikiiona mara ya pili iitupe. Na faili kwenye simu lisifutwe mpaka jibu lirudi.

Wale ambao hawaandiki kabisa

Kuna hali mbaya kuliko ripoti kuchelewa: ripoti kutoandikwa. Tumeshaona kwamba programu inayoondolewa kwa kukosa RAM haipewi neno la mwisho. Kwenye mfano wetu tulibahatika, kwa sababu mchezaji alirudi na gemu ikaanguka mara ya pili kwa kelele. Lakini kama gemu inakula RAM kiasi kwamba inaondolewa mchezaji akiwa anacheza, hakuna nyayo. Picha moja ya mto yenye nukta 4,096 kwa 4,096, kila nukta ikichukua baiti 4, inakalia megabaiti 64 za RAM ikishafunguliwa, hata kama faili lake kwenye hifadhi ni dogo sana. Picha tatu za namna hiyo kwenye simu ya megabaiti 960 ni mzigo mzito.

Kuanzia Android 11, programu inapoanza inaweza kuuliza mfumo ilivyokufa mara iliyopita, kwa `getHistoricalProcessExitReasons`. Jibu likiwa `REASON_LOW_MEMORY`, umejua. Simu nyingine hazina uwezo wa kutaja sababu hiyo, nazo husema `REASON_SIGNALED`, yaani "niliuawa" bila kueleza kwa nini.

Kwa simu za zamani zaidi kuna ujanja wa alama. Gemu inapoingia mbele ya skrini inaandika faili tupu, na inapowekwa nyuma inalifuta. Ikianza na kulikuta faili lipo, wakati hakuna ripoti ya kosa, inajua kwamba mara iliyopita ilikatwa katikati. Ila hapa kuna mtego: betri ikiisha katikati ya mchezo, alama inabaki vile vile. Mahali ambapo watu wanachaji kwa sola na kutumia simu hadi tone la mwisho, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo andika pia simu iliwashwa lini. Ukikuta alama, na simu imezimwa na kuwashwa tena katikati, usihesabu kuwa ni kosa la gemu.

Tena kuna gemu inayoanguka sekunde ya kwanza tu ya kufunguka. Ripoti imeandikwa, lakini ili itumwe lazima gemu ifunguke, na haifunguki. Mchezaji anajaribu mara tatu, anaifuta, na ripoti inafutika pamoja nayo. Dawa ni kuweka kazi ya kutuma ripoti iwe ya kwanza kabisa kuamka, kabla ya picha na sauti. Na kama gemu iliangukia mlangoni mara iliyopita, isubiri sekunde chache ripoti itoke ndipo iendelee.

Kupanga makosa bila kuwaonea wachache

Ripoti zikikusanyika, unaziweka kwenye mafungu kwa kufanana kwa nyayo, kisha unaanza na fungu kubwa. Desturi hii ina msingi. Mwaka 2002, baada ya Microsoft kuanza kukusanya ripoti kutoka kwenye kompyuta za wateja wake, mkuu wake Steve Ballmer aliwaandikia wateja kwamba karibu asilimia 20 ya kasoro zilikuwa zinasababisha asilimia 80 ya matatizo, na kwamba asilimia 1 tu ya kasoro zilisababisha nusu yake.

Lakini fungu kubwa linategemea nani anahesabiwa. Tuseme gemu yetu ina simu 2,000: simu 1,900 zina RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, na 100 zina gigabaiti 2 au pungufu. Kosa la kwanza limepata simu 38 za kundi kubwa. Kosa la pili, lile la mstari wa 41, limepata simu 22 za kundi dogo. Ukipanga kwa jumla, 38 ni nyingi kuliko 22, na kosa la pili linasubiri foleni. Ukigawa kwa kundi, la kwanza linasumbua asilimia 2 ya wenye simu kubwa, na la pili linasumbua asilimia 22 ya wenye simu ndogo, yaani zaidi ya mmoja kati ya watano. Na hizo 22 ni zile tu ambazo ripoti zao zimefika.

Huenda utasema, basi tukusanye mahali kila simu ilipo, tujue nani yuko delta. Hapana. Kwanza, anwani ya IP ya simu haitakusaidia, kwa sababu mara nyingi inaonyesha jiji ambako mtambo wa kampuni ya simu uko, si kijiji cha mwenye simu. Pili, kutibu mstari wa 41 hakuhitaji kujua kijiji wala namba ya mtu. Kunahitaji RAM, aina ya simu, toleo la Android na toleo la gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi lengo hilo. Mwambie mchezaji kwa Kiswahili chepesi unachotuma, na umwachie uamuzi wa kukataa.

Mwisho kuna hesabu moja ambayo haitoki kwenye ripoti za makosa. Kwa kila kundi la RAM, angalia simu ngapi zilifungua gemu mara moja au mbili, kisha hazikuonekana tena. Mtu anaweza kuacha gemu kwa sababu imemchosha, na hilo linatokea kila mahali. Ila kama simu kubwa zinanyamaza mbili kati ya kumi, na simu ndogo zinanyamaza saba kati ya kumi, kuna kinachozinyamazisha, hata kama jedwali lako la makosa ni safi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapo jedwali halina tena la kukwambia. Tafuta simu ya gigabaiti 1, iliyotumika na iliyojaa picha na meseji za mwenyewe, icheze gemu yako hadi mtoni, kisha fungua WhatsApp na urudi.